Namba tatu za kuzungumza kabla ya seti ya tatu

Mpira wa wavu hauna mapumziko ya nusu mchezo kama mpira wa miguu. Kinachofanana nayo ni kipindi cha kati ya seti ya pili na ya tatu. Kwa kanuni za FIVB, shirikisho la mpira wa wavu duniani, kila kipindi baina ya seti ni dakika 3, na hiki kimoja tu kinaweza kuongezwa hadi dakika 10 waandaaji wakiomba. Ulizeni kwa meza ya waamuzi kabla ya mchezo kuanza, kwa sababu mwalimu aliyejitayarisha kwa dakika 10 akapewa 3 hujikuta bado anazungumza wakati mwamuzi wa pili anapuliza filimbi. Mwongozo huu umepangwa kwa dakika 3. Mkipata 10, zilizobaki ni za maji na pumzi.

Mfano tutakaoufuata ni timu ya wasichana wa skuli, Wete, wanaocheza kwenye kiwanja cha wazi kilicholala kaskazini na kusini, alasiri ya msimu wa kusi. Upepo unapita kwa urefu wa kiwanja. Seti ya kwanza wameshinda 25–21, ya pili wamefungwa 25–18. Tofauti ya seti hizo mbili ndani ya saa moja ndiyo inayomfanya mwalimu atake kusema mambo kumi. Atasema matatu.

Hatua ya 1: Kuandika wakati mchezo unaendelea

Mchezaji mmoja wa akiba au mwalimu msaidizi akae na daftari na kalamu. Kazi yake ni sevu za mpinzani. Kila mpinzani anapopiga sevu, anaandika mstari mmoja wenye vitu vinne: seta wetu, yule anayewapangia wapigaji mpira, yuko nafasi ya ngapi kati ya sita za kiwanja, nani amepokea, pasi ilikuwa ya daraja gani, na pointi imekwenda kwa nani. Mstari unaosomeka 1–7–0–x maana yake seta yuko nafasi ya 1, yaani nyuma kulia, aliyepokea amevaa jezi namba 7, pasi ni sufuri, pointi imepotea. Tukishinda pointi, badala ya x anatia nukta. Sevu ya mpinzani iliyokwenda nje au kugonga wavu haina mpokeaji, kwa hiyo anaandika 1–nje na nukta.

Daraja la pasi ni 0 hadi 3. Pasi ya 3 inamfikia seta karibu na wavu na anaweza kumpa mpigaji yeyote. Ya 2 inamlazimisha kusogea, na katikati hapafikiki tena. Ya 1 inaacha njia moja tu, mpira wa juu wa pembeni au kurudisha bure. Sufuri ni pointi ya mpinzani papo hapo.

Kosa kubwa la mwandishi mchanga ni kusubiri pointi iishe ndiyo atoe daraja. Mpigaji akifunga kwa ustadi wake, pasi mbovu hupewa 3. Mpigaji akitoa nje, pasi safi hupewa 1. Daraja liandikwe pale seta anapougusa mpira, kabla ya smashi. Pasi inayovuka wavu yenyewe kubalianeni mapema: mpinzani akiifunga ni 0, asipoifunga ni 1.

Pembeni ya ukurasa aandike pia sevu zetu zilizopotea, kwa herufi mbili tu: W kwa iliyogonga wavu, N kwa iliyokwenda nje.

Seti ikiisha, hesabu ya mistari ijaribiwe hivi: idadi ya sevu alizopiga mpinzani hulingana na pointi zake, au huzidi au kupungua kwa moja tu. Ni hivyo kwa sababu timu zinapokezana sevu, na kila anayepoteza sevu hana budi kuirudisha kabla ya kuipoteza tena. Katika mfano wetu mpinzani ana pointi 21 na mistari 21 katika seti ya kwanza, na pointi 25 na mistari 25 katika ya pili. Mwandishi akileta mistari 20 kwa seti ya pointi 25, angalau minne imeanguka na namba zake zisitumike.

Hatua ya 2: Namba ya kwanza, mahali panapovuja

Hesabu nukta za kila seti. Seti ya kwanza tulipata pointi 14 katika sevu 21 za mpinzani, yaani asilimia 67. Seti ya pili tulipata 11 katika 25, yaani asilimia 44. Hii inatosha kumwambia mwalimu kwamba tatizo lipo kwenye kupokea, lakini haimwambii mchezaji afanye nini. Asilimia isitoke mdomoni mwako uwanjani. Iendelee kugawiwa.

Igawe kwa nafasi ya seta. Mizunguko ni sita, na kila mzunguko tunapopokea, hatutoki mpaka tushinde pointi moja. Ndiyo maana idadi ya pointi tulizoshinda hukaribiana katika mizunguko yote, na kinachotofautiana ni ngapi zimevuja kabla ya kutoka. Katika seti ya pili mpinzani alikuwa na zamu 12 za sevu, mbili kwa kila mzunguko wetu. Seta alipokuwa nafasi ya 1 tulipokea mara 8, tukashinda 2, zikavuja 6: mbili zamu ya kwanza, nne zamu ya pili. Mizunguko mitano iliyobaki, yote kwa pamoja, ilivuja 8.

Seti tumeifungwa kwa pointi 7, na 6 zimetoka kwenye tundu moja. Fundi wa chombo hakalafati mbao zote. Hutafuta maji yanapoingilia. Namba ya kwanza ya kuzungumza ni 6.

Kabla ya kuisema, jiulize kwa nini hapo. Jambo ambalo walimu wengi hawaliangalii ni kwamba ndani ya seti moja mzunguko wetu wa kupokea hukutana na mpiga sevu yuleyule kila mara. Timu zote mbili huzunguka kwa zamu, hatua moja moja, kwa hiyo jozi hazibadiliki mpaka seti iishe. Seta akiwa nafasi ya 1, aliyekuwa anatupigia ni namba 9 wao, zamu zote mbili. Tundu lina pande mbili: udhaifu wetu na nguvu yake.

Udhaifu wa mzunguko huo unajulikana. Kwa timu yenye seta mmoja, seta akiwa nafasi ya 1, mpigaji wa kulia anaanzia kushoto mbele na mpigaji wa pembeni anaanzia kulia mbele. Kanuni ya nafasi inawazuia kubadilishana mpaka sevu ipigwe, na baada ya hapo mpira unakuwa ushafika. Kila mmoja anashambulia upande asioupenda, na yule wa pembeni, ambaye kwetu ni namba 7, anatakiwa pia arudi nyuma kupokea.

Hatua ya 3: Namba ya pili, pasi ya yule anayelengwa

Jumlisha madaraja ya kila mpokeaji na ugawe kwa idadi ya mipira aliyopokea. Katika seti ya pili sevu 2 za mpinzani zilipotea, kwa hiyo mipira iliyopokewa ni 23. Libero, mpokeaji maalumu wa nyuma, alipokea 6, jumla 13, wastani 2.17. Namba 4 alipokea 5, jumla 9, wastani 1.8. Namba 7 alipokea 12, jumla 15, wastani 1.25.

Hapa ndipo mwalimu mwenye haraka anapomharibu mchezaji. Anaona 1.25, anamtoa namba 7, au anamkemea mbele ya wenzake, na seti ya tatu inaanza mtoto ameshakata tamaa. Soma mistari yake 12 tena. Sita kati yake ni za mzunguko ule ule wa seta nafasi ya 1: sufuri tatu na moja tatu, jumla 3. Sita nyingine ni tatu moja, mbili nne na moja moja, jumla 12, wastani 2.0. Seti ya kwanza alipokea mipira 8, jumla 16, wastani 2.0 vilevile.

Namba 7 hajashuka. Nje ya mzunguko mmoja anapokea kama alivyopokea alipokuwa anashinda. Namba ya pili ya kuzungumza ni 2.0, na aisikie yeye mwenyewe.

Angalizo la kweli: mipira 6 ni michache. Haithibitishi mchezaji ni wa kiwango gani, na mwalimu asiitumie kuamua nani awe kwenye kikosi mwezi ujao. Kwa uamuzi wa seti moja ijayo inatosha, kwa sababu inakubaliana na namba ya kwanza na macho yako.

Hatua ya 4: Namba ya tatu, sevu zetu, na upepo

Seti ya kwanza tulipiga sevu 25 tukapoteza 2, zote wavuni. Seti ya pili tulipiga 18 tukapoteza 5: moja wavuni, nne nje nyuma ya mstari wa mwisho.

Ukiwa ukumbini, tano ni jambo la kukemea. Kwenye kiwanja cha wazi, angalia kwanza nani alikuwa upande gani. Timu hubadilishana pande kila seti inapokwisha. Katika seti ya pili kusi lilikuwa mgongoni mwetu. Sevu yenye upepo nyuma haishuki, inateleza na kutoka. Mpinzani aliyeupokea upepo usoni alipata kinyume chake: sevu yake ya kuelea ilipunguza mwendo, ikatikisika na kudondoka mbele ya wapokeaji wetu, na pasi zetu zikasukumwa kuelekea wavu, nyingine zikavuka zenyewe. Sehemu ya sufuri za namba 7 zimetoka huko.

Seti ya tatu tunarudi upande wa seti ya kwanza. Upepo utakuwa usoni mwetu. Sevu zitashuka zenyewe, na aliyekuwa anazuia mkono anaweza kuupiga mpira kwa nguvu zote. Namba ya tatu ni 2, ile ya seti ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayohusu upande tunaokwenda. Ile 5 ifungie daftarini.

Hii ndiyo sababu ya kutochanganya namba za seti mbili uwanja ukiwa wazi. Ukijumlisha, unapata sevu 7 zilizopotea katika 43, namba isiyoeleza upande wowote. Chukua kila namba na upande wake, kisha zungumza ya upande unaokwenda.

Funga kitambaa chepesi juu ya nguzo ya wavu na ukiangalie kabla hujafungua mdomo. Upepo unaweza kulegea jua linapokaribia kuzama, na kama kitambaa kimelala, hesabu yote ya upande haina kazi. Hapo zungumza namba mbili za mwanzo tu.

Hatua ya 5: Karatasi ya mpangilio kabla ya maneno

Dakika ya kwanza wachezaji wanakunywa maji na wewe unaandika. Karatasi ya mpangilio lazima imfikie mwamuzi wa pili au mwandishi kwa wakati, na baada ya kuitoa hubadilishi kitu ila kwa kubadilisha mchezaji.

Hapa mwalimu anaweza kuziba nusu ya tundu bila kumwambia mtu neno. Sevu ya kwanza hupokezana kwa seti, kwa hiyo kama tulianza sisi seti ya kwanza, tunaanza sisi ya tatu. Katika seti ya kwanza mpinzani alimweka namba 9 nafasi ya 2, ili wakiipata sevu wazunguke na awe wa kwanza kupiga. Kuna kila sababu ya kutegemea hivyo tena. Tukiandika seta nafasi ya 1 kama kawaida, namba 9 atakutana na mzunguko ule ule dhaifu tangu mwanzo.

Andika seta nafasi ya 6. Sogeza wote hatua moja. Sasa namba 9 atakutana na mzunguko ambao mpigaji wa pembeni yuko kushoto mbele, mahali pake, na washambuliaji watatu wote wako mbele. Mzunguko wa seta nafasi ya 1 utakuja wa sita, ukutane na mchezaji wao wa mwisho katika zamu.

Ubahatishaji upo. Mpinzani akimwacha namba 9 nafasi ya 1, yeye ndiye atakuwa wa sita, na tutakutana naye palepale. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Mzunguko wenyewe nao upangwe upya kama ifuatavyo, na hilo ndilo wachezaji watakaloambiwa.

Seta akiwa nafasi ya 1, namba 7 asirudi kupokea. Asimame mbele kulia, karibu na wavu. Seta asimame nyuma yake, ameukaribia mstari wa kulia. Libero, ambaye yuko nafasi ya 6, asogee kulia achukue sehemu kubwa ya kiwanja, na namba 4, nafasi ya 5, achukue kushoto. Ni wapokeaji wawili badala ya watatu, lakini ni wale wenye 2.17 na 1.8. Mambo mawili yaangaliwe ili mwamuzi asipulize kosa la nafasi: mguu wa seta uwe nyuma ya mguu wa namba 7, na uwe karibu zaidi na mstari wa kulia kuliko mguu wa libero. Upepo ukiwa mgongoni mwa mpiga sevu, mipira itakuja mirefu, kwa hiyo wapokeaji hao wawili waanze hatua moja nyuma ya walipokuwa wakisimama.

Hatua ya 6: Kuzungumza

Maneno yasipite dakika moja na nusu. Wakae au wasimame nusu duara, migongo yao ikielekea kwa mpinzani na kwa jua. Mwalimu ashike daftari lakini asilisome. Kwa timu yetu maneno yanaweza kuwa haya:

"Haya wanangu, maji mkononi, macho kwangu. Namba tatu tu. Ya kwanza ni 6. Tumefungwa kwa pointi saba, sita zimetoka kwenye mzunguko mmoja, seta akiwa moja. Mizunguko mingine mitano haina tatizo, ichezeni kama mlivyocheza. Huo mmoja tunaupanga upya: namba saba mbele, libero na namba nne mnapokea wawili, hatua moja nyuma.

"Ya pili ni 2. Namba saba, nje ya mzunguko ule pasi yako ni 2, sawasawa na seti tuliyoshinda. Hujaharibu. Mzunguko ule nakutoa kwenye kupokea ili upige.

"Ya tatu ni 2 tena. Seti ya kwanza, upande ule tunaokwenda, tumepoteza sevu mbili tu. Upepo unarudi usoni mwetu. Pigeni kwa nguvu, hautatoka.

"Libero, seta akiwa moja unasimama wapi?"

Swali la mwisho ni la lazima. Anayejibu kwa kuonyesha kwa mkono amefahamu. Anayesema "ndiyo mwalimu" bado, na una sekunde 20 za kumwonyesha. Usiulize "mmefahamu?", maana jibu lake kwa wasichana wenye adabu ni moja siku zote.

Tazama nini hakimo. Hakuna asilimia. Hakuna 1.25. Hakuna sevu tano zilizopotea. Hakuna bloku wala ulinzi, ingawa mwalimu ameona makosa yake pia. Jambo la nne likiingia, la kwanza linatoka, na la kwanza ndilo lenye pointi sita.

Kama mchezaji mmoja ndiye chanzo cha kweli, yaani namba zake ni mbovu katika kila mzunguko na kila upande, hilo halizungumzwi kwenye duara. Mvute pembeni wakati wenzake wanakunywa maji, au mbadilishe.

Hatua ya 7: Kujua kama imefanya kazi

Mwandishi aendelee na mistari yake, lakini sasa aangalie kitu kimoja: seta anapofika nafasi ya 1, zinavuja ngapi kabla hatujatoka. Moja ni kawaida ya mchezo. Zikifika mbili mfululizo, omba taimauti hapo hapo. Una mbili kwa seti, kila moja sekunde 30, na walimu wengi huitumia ya kwanza baada ya pointi nne, wakati mpiga sevu ameshapata moto. Katika sekunde hizo sema nafasi za kusimama tu.

Seti ya nne ikifika, mtarudi upande wenye upepo mgongoni, na mpinzani ataanza sevu. Hapo ndipo ukurasa wa seti ya pili unapofunguliwa tena. Namba 9 huenda akaanzia nafasi ya 1 na kukutana na mpangilio wowote mtakaouandika wa kwanza, kwa hiyo seta asianze nafasi ya 1. Ile namba 5 mliyoifungia daftarini sasa ndiyo ya kusemwa: sevu ipigwe chini zaidi, karibu na utepe wa wavu, kwa mkono uliopunguzwa, na wapokeaji wasogee hatua moja mbele kuliko walivyosimama seti ya tatu.